Fundi wa Mfuko wa Nyuma

Kamanthe alikuwa na jambo moja la kujivunia katika soko la Tala, na alilitumia bila uchoyo. Mume wake, Onesmus, alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha nguo za kuuzwa ng'ambo huko EPZ, Athi River. Mwanamke yeyote aliyesimama mbele ya magunia yake ya ndengu na mbaazi kwa muda wa kutosha aliambiwa: "Baba Mbithi anashonea Wamarekani. Suruali ikitoka mkononi mwake inapanda ndege."

Wenzake walimwacha aseme. Lakini Kavutha, aliyeuza maharagwe kwenye meza ya pili na aliyekuwa na ulimi wa kukata kamba, hakukosa la kumjibu.

"Na wewe mbona unavaa mitumba kama sisi? Hizo ndege hazijui njia ya Tala?"

"Getini wanapekuliwa, Kavutha. Hata uzi hautoki."

Na hilo lilikuwa kweli. Askari wa lango waliwapapasa wafanyakazi kila jioni kana kwamba wameiba shamba la mtu. Kamanthe aliridhika na jibu hilo kwa miaka minne. Hata hivyo, kila mume wake aliporudi nyumbani mwisho wa wiki, alimtazama mikono na kujiuliza kimoyomoyo ni lini mikono hiyo itamshonea yeye kitu. Hakuwahi kusema. Mara moja tu Onesmus aliwahi kushika sindano nyumbani: mfuko wa kaptura ya shule ya mtoto wao, Mbithi, ulipochanika, aliurudisha mahali pake kwa mkono, na kwenye kila pembe ya juu akaweka kijipembetatu cha uzi ili usichanike tena. Kamanthe alikuwa akiifua kaptura ile taratibu kuliko nguo nyingine zote.

Kisha ukaja ule mwezi wa mwaka wa elfu mbili na tano. Vitambaa havikufika kiwandani. Laini nzima ya washonaji aliokaa nao Onesmus ikaambiwa irudi nyumbani mpaka itakapoitwa, na ya mshahara yakawa ni yale ya "tutaangalia". Nyumbani, mtoto akaugua kifua, na gunia zima la mbaazi likaingiwa na wadudu. Walikula ugali na kunde, wakala kunde na ugali.

Katikati ya mwezi huo, padre alitangaza baada ya misa kwamba kutakuwa na Jumapili ya Wanandoa. Kila mke na mume wangesimama mbele ya waumini, warudie ahadi zao, na kupeana zawadi. "Nimesikia mnavyonung'unika," akasema. "Najua hali. Basi sitaki kitu cha dukani. Nataka kitu ulichokitengeneza kwa mkono wako."

Watu walicheka kwa nafuu. Nje ya kanisa wanaume wakaanza kunong'onezana: huyu atachonga mwiko, yule atapiga kiti cha miguu mitatu, mwingine atakata sandali za tairi. Kavutha akamshika Kamanthe mkono.

"Asi! Wewe uko na bahati. Sisi tutaletewa miiko, wewe fundi yuko nyumbani siku hizi."

Kamanthe alicheka mpaka fizi zikaonekana. Kufikia siku ya soko iliyofuata, nusu ya Tala ilikuwa inajua kwamba atavaa rinda la mkono wa mumewe.

Yeye mwenyewe alianza zawadi yake siku hiyo hiyo. Alikuwa na nyuzi za katani zilizobaki, alizokuwa amezisokota pajani msimu wa kiangazi. Akaanza kusuka kiondo kidogo, kipana chini na chembamba juu, cha kuingia kopo la chakula la mtu anayeamka gizani kwenda kazini. Akitoka sokoni alisuka. Akisubiri ugali uive alisuka. Onesmus alipouliza ni cha nani, alimjibu, "Cha mtu mmoja mwenye maswali mengi."

Onesmus naye alikuwa akiondoka nyumbani kila siku baada ya chakula cha mchana. Alisema anatafuta kibarua. Alirudi bila kibarua, lakini hakuonekana mtu aliyekosa.

Siku moja Kavutha alifika sokoni na aproni mpya ya buluu. Akajigeuza mbele ya Kamanthe kama bibi harusi.

"Unaona? Iko na mfuko wa maana. Pesa ikiingia hapa haitoki bila ruhusa yangu."

Kamanthe, ambaye bado alifunga sarafu zake kwenye pindo la leso na kulifungua kwa meno kila mteja alipotaka chenji, aliinama autazame mfuko huo. Ulikuwa umekaa sawasawa, umeshonwa mistari miwili iliyofuatana bila kugusana. Na kwenye kila pembe ya juu palikuwa na kijipembetatu cha uzi.

"Umetoa wapi hii?"

"Kwa Lavender, fundi wa kule nyuma ya hadweya. Zamani mifuko yake ilikuwa inalegea kama mdomo wa mzee. Sijui amejifunza wapi, lakini siku hizi ni kali."

Kamanthe alimpimia mteja aliyefuata kopo moja la gorogoro la ndengu, akamwaga nusu yake chini.

Kamanthe alimjua Lavender, kama kila mtu alivyomjua. Alikuwa mwanamke asiye na mume, mrefu, mwenye mwanya na kicheko kilichosikika kabla yake. Alikuwa na kibanda chake, cherehani yake ya miguu, na wakati wake. Kamanthe alijaribu kujiambia kwamba pembetatu ni pembetatu tu. Lakini mchana huo alimwomba Kavutha amwangalizie magunia, akapita kando ya hadweya, lile duka la misumari na mabati, mpaka akafika mahali ambapo angeweza kuona ndani ya kibanda bila yeye kuonekana.

Lavender alikuwa amesimama juu ya kiti kifupi. Amevaa rinda la kijani lenye maua, ambalo halijakamilika, upande mmoja mrefu kuliko mwingine. Na chini yake, magotini, pini zikiwa mdomoni, alikuwa Onesmus. Alikuwa akishika pindo la rinda lile na kulizungusha miguuni mwa Lavender polepole, kwa uangalifu ambao Kamanthe hakuwahi kuuona ukitumiwa kwake.

"Weee! Unanichoma!" Lavender akapiga kelele, kisha akacheka kile kicheko chake.

Onesmus naye akacheka, na pini midomoni.

Ni kicheko hicho kilichomkata. Mwezi mzima mumewe hakuwa amecheka nyumbani. Kamanthe aligeuka akarudi kwenye magunia yake, na Kavutha alipomuuliza kama anaumwa, akasema ni jua.

Jioni hiyo alikichukua kiondo, kilichokuwa kimebakiza mdomo tu, akakaa mlangoni na kuanza kukifumua. Alifumua mstari mmoja, akasimama. Akakumbuka pini, akafumua mwingine.

"Mbona unakirudisha nyuma?" Onesmus akamuuliza.

"Mbithi," Kamanthe akamwambia mtoto, "mwambie babako chakula kiko mezani."

"Baba, chakula kiko mezani."

"Nimesikia. Mama Mbithi, kuna nini?"

"Mwambie aulize huko anakotafuta kibarua. Labda huko wanajua."

Wivu ni kazi, na Kamanthe alikuwa mchapakazi. Alimnusa shati. Alimkagua kiganja. Alipoona kipande cha uzi wa kijani kwenye suruali yake alikitoa kwa vidole viwili, akakiweka juu ya meza mbele yake. Onesmus alikitazama kile kipande, akakifuta kama makombo. Kila jioni kiondo kilipungua. Na usiku Kamanthe aliliona lile rinda la kijani na maua yake, akajipima nalo kichwani, na kichwani mwake Lavender alipendeza zaidi kila mara.

Siku ya soko iliyotangulia Jumapili ile, uvumilivu ulimwishia. Aliacha gorogoro ndani ya gunia, akaenda moja kwa moja nyuma ya hadweya, na safari hii hakujificha.

Onesmus alikuwa kwenye cherehani, anashona mfuko kwenye aproni ya mtu. Lavender alikuwa akikata kitambaa. Rinda la kijani lilikuwa limetundikwa ukutani. Kamanthe akalivuta likashuka pamoja na msumari wake.

"Hii ni nguo ya nani?"

Miguu ya Onesmus ikasimama juu ya pedali. "Yako," akasema.

"Yangu? Yangu inavaliwa na Lavender?"

"Mama Mbithi, tulikuwa tunapima tu," Lavender akasema. "Mimi na wewe kiuno ni kimoja. Ilikuwa iwe ya kukushtukiza."

"Sijaongea na wewe, dada. Nikianza kuongea na wewe hii Tala yote itafunga." Akamgeukia mume wake. "Miaka minne unashonea Wamarekani. Miaka minne! Leo ndiyo unahitaji mwanamke akuonyeshe mkono wa nguo unaingia wapi?"

Onesmus aliinama juu ya cherehani. Alikuwa akiutazama ule mfuko uliokuwa chini ya sindano.

"Mwambie, Ones," Lavender akasema kwa sauti ya chini. "Ama nimwambie mimi?"

Lile "Ones" lilimpiga Kamanthe kama kofi. Lakini kabla hajalijibu, mume wake alianza kusema.

"Mimi sijui kushona nguo."

"Ati nini?"

"Sijui. Najua mfuko. Mfuko wa nyuma, wa kulia. Suruali inanifikia, naubandika, inaenda kwa mwenzangu. Yeye anabandika wa kushoto. Mwingine zipu. Mwingine mguu. Supavaiza anasimama nyuma yetu, na ukiinua kichwa uone suruali inaishia wapi, ushakosana naye. Kutoka niingie pale sijawahi kumaliza suruali hata moja, Kamanthe. Padre aliposema zawadi ya mkono, na wewe ukaambia soko zima ni rinda..." Akafuta uso kwa shati. "Nilinunua pazia la mtumba, likiwa na kitambaa kizuri. Nikalikata likaharibika shingo. Nikamletea huyu. Hapa anakata yeye, mimi namlipa kwa mifuko."

Hapa nasimamisha hadithi kidogo, kwa sababu kuna watu wanaotuambia kila siku kwamba viwanda vile vinawapa vijana wetu ufundi. Ufundi gani? Wamemchukua kijana mzima wa Ukambani, mwenye macho na akili, wakamkatakata mpaka akabaki mfuko mmoja wa upande mmoja wa suruali ya mtu asiyemjua. Halafu vitambaa vikichelewa wanamrudisha kwa mkewe, na hata huo mfuko mmoja anauona aibu kuutaja. Huo si ufundi. Huo ni wizi ambao hakuna askari wa lango anayeupekua.

Lakini Kamanthe hakuwa akifikiria viwanda. Alikuwa akifikiria jambo moja.

"Huyu alijua lini?"

"Nani?"

"Lavender. Alijua lini kwamba hujui kushona?"

"Siku ile nilipoleta pazia."

"Na mimi, mke wako, ningejua lini?"

Lavender akaweka mkasi chini. Kamanthe akalikunja rinda vizuri sana, kama mtu anayekunja nguo za kanisa, akaliweka mikononi mwa Lavender.

"Chukua. Limekukaa wewe kwanza, limalizie kukukaa. Mimi sivai nguo iliyozoea mwili wa mtu mwingine. Na Jumapili, Onesmus, usinitafute. Sitasimama mbele ya watu na mtu ambaye siri zake ziko nyuma ya hadweya."

Alirudi sokoni akauza ndengu mpaka jioni. Alipofika nyumbani, kiondo kilikuwa kimebaki tako na ukuta wa upana wa vidole kama vinne. Alikitazama, lakini hakukigusa.

Asubuhi iliyofuata aliamka akakuta Onesmus amekaa uani, mahali penye mwanga, kila mpangaji wa ploti akimwona. Mapajani alikuwa na suruali yake ya jinzi, ile aliyovaa kwenda kazini mpaka ikapauka magotini. Alikuwa akiifumua kwa wembe, mshono baada ya mshono. Aliifungua miguu yote miwili ikawa vipande vipana, akakata na kuitupa ile sehemu ya magoti iliyolika. Mkanda wa kiunoni aliutoa mzima, pamoja na kifungo chake. Mifuko akaing'oa yote, akaikung'uta vumbi.

Kamanthe alipita na ndoo akienda bombani. Akapita akirudi. Onesmus alikuwa amechukua uzi, ameukunja mara mbili na kuupitisha kwenye kipande cha mshumaa ili usikwame katika kitambaa kizito. Sindano ilipokataa kupenya aliisukuma kwa kizibo cha soda alichokivaa kwenye kidole gumba.

"Unaharibu suruali ya kazi," Kamanthe akasema. Yalikuwa maneno ya kwanza tangu jana ambayo hayakupitia kwa Mbithi.

"Kazi haijaniita."

"Ikiita?"

"Nitavaa ile ya harusi."

Akaendelea kushona. Aliunganisha vile vipande viwili kando kwa kando, akakunja pindo, akaubandika mkanda juu yake, na aproni ya sokoni ikaanza kuonekana. Kamanthe alijikuta amekaa kizingitini na sinia ya ndengu, akichambua mawe ambayo hayakuwepo. Onesmus alipofika kwenye mifuko, mikono yake ilibadilika. Hakupima tena mara mbili mbili. Alikunja kingo za mfuko, akazikandamiza kwa ukucha zikanyooka, akauweka mahali pake, na sindano ikaanza kutembea kama mtu anayeijua njia ya kwao. Mstari mmoja. Kisha wa pili kando yake. Kisha pembetatu.

"Huo ni wa chenji?" Kamanthe akauliza.

"Ndiyo."

"Basi umekosea. Mimi nashika gorogoro na mkono wa kushoto. Chenji naitoa na wa kulia. Utoe huko."

Onesmus alimtazama. Kisha akachukua wembe akaufumua mfuko ule wote.

"Na wa noti?" akauliza.

"Ndani. Uwe na kifuniko. Kavutha ana macho marefu."

"Na huu mdogo?"

Kamanthe akafikiri. "Wa pesa za mchango wa chama. Zisichanganyike na zangu tena."

"Basi njoo nikupime. Siwezi kujua mkono wako unafika wapi."

Jirani mmoja alikuwa anaanika nguo na masikio yake yote mawili. Kamanthe akaweka sinia chini, akasimama, akafunga ile aproni kiunoni. Onesmus akapiga magoti mbele yake, pini zikiwa mdomoni.

"Shusha mkono. Kama unatoa shilingi." Akaweka mfuko mahali vidole vyake vilipofika, akaubana kwa pini.

"Ukinichoma," Kamanthe akasema, "sitacheka."

"Najua."

"Kule ulicheka."

Onesmus akatoa pini mdomoni. "Kule nilicheka kwa sababu nilikuwa naogopa. Nilikuwa nashika kitu nisichokijua. Hiki nakijua."

Kamanthe hakusema kwamba amesamehe, kwa sababu hakuwa amesamehe. Lakini hakujitoa. Alizungushwa polepole, kwa uangalifu, na jirani akaanika shati lile lile mara tatu.

Alipokwisha kupimwa, aliingia ndani akatoka na kile kiondo kilichofumuliwa na nyuzi zake, akaketi upande wa pili wa ua. Wakashona na kusuka mpaka mwanga ukaisha.

Jumapili kanisa lilijaa. Miiko ilitolewa, na viti vya miguu mitatu, na shanga, na sandali za tairi zilizomfanya mama mmoja atembee kama bata. Onesmus na Kamanthe walipoitwa, shingo zote zilinyooka kutafuta rinda. Onesmus akafungua gazeti, akatoa aproni ya jinzi iliyopauka. Minong'ono ikaanza. Akakishika kipaza sauti.

"Mke wangu aliwaambia mimi nashonea Wamarekani. Mimi nashona mfuko wao wa nyuma, basi. Hicho ndicho ninachojua. Nimemtengenezea mifuko."

Kanisa likacheka, naye hakuinama. Kamanthe aliifunga aproni juu ya sketi yake ya kanisa, akaingiza mkono wa kulia kwenye mfuko wa chenji bila kuutazama, na mkono ukafika pale pale. Kavutha, kwenye benchi la tatu, akauma mdomo.

Kisha Kamanthe akatoa kiondo. Kilikuwa kizuri, lakini juu nyuzi zilikuwa zimesimama wima kama nywele za mtoto aliyeamka. Muda haukutosha.

"Mdomo wake uko wapi?" Onesmus akamnong'oneza.

"Muulize Lavender."

Wakati wa kutoka, walimwona Lavender karibu na mlango. Alikuwa amevaa rinda la kijani, lenye shingo iliyorekebishwa, na akawapungia mkono kwa furaha ya kweli. Onesmus akaanza kuinua wake, kisha akakumbuka, akautia mfukoni.

Kamanthe alimtazama yule mwanamke kuanzia mabega mpaka pindo, bila haraka, kama anavyotazama gunia la mtu mwingine.

"Linambana mabega," akasema. Akashuka ngazi, mikono yake yote miwili ikiwa mifukoni mwa aproni. "Na halina mfuko hata mmoja."